Nywila Ikishaponyoka, Kufuta Historia Ni Kazi ya Pili

Ijumaa ya Machi 24, 2023, yapata saa 2 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, GitHub walifanya jambo lililowashtua wateja wao wengi. GitHub ndipo mahali ambapo mamilioni ya waandishi wa programu duniani huweka kazi zao, na asubuhi hiyo waliojaribu kuungana napo kwa njia ya SSH walikutana na onyo hili kwenye skrini:

```
WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!
```

Onyo hilo hutokea pale seva ya upande wa pili inapojitambulisha kwa ufunguo tofauti na ule ambao kompyuta yako imeuhifadhi. Huweza kuwa dalili kwamba kuna mtu kajipenyeza katikati akijifanya ndiye unayemtafuta. Safari hii hakukuwa na mtu. GitHub wenyewe ndio waliobadilisha ufunguo wao wa RSA, baada ya kugundua kwamba sehemu yake ya siri ilikuwa imeonekana kwa muda mfupi ndani ya ghala la msimbo lililo wazi kwa umma, hukohuko GitHub.

Walisema hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna mtu aliyeutumia vibaya. Walisema pia kwamba ufunguo huo haukumpa mtu njia ya kuingia kwenye mitambo yao wala kwenye taarifa za wateja. Hatari yake ilikuwa kwamba mwenye nao angeweza kujifanya GitHub. Hata hivyo waliubadilisha, wakijua fika kwamba kazi za watu zingesimama na kila aliyekwama angelazimika kuandika `ssh-keygen -R github.com` kabla ya kuendelea.

Kisa hiki kina uzito kuliko visa vingine vya aina yake kwa sababu ya nani aliyekosea. Seva ni za GitHub, diski ni za GitHub, nakala za akiba ni za GitHub. Kama kuna yeyote duniani aliyeweza kufuta kosa lile hadi mzizi wa mwisho, ni wao. Na wao hawakuridhika na kufuta.

Mwandishi wa programu wa kawaida, anapogundua kwamba ameweka nywila mahali pasipostahili, hukimbilia kinyume chake. Anafuta kwanza. Anatafuta amri ya kusafisha historia, anaikimbiza, anashusha pumzi, na nywila inaendelea kufanya kazi vilevile kama jana.

Ili kuona kwa nini kufuta hakutoshi, tuangalie jinsi Git inavyotunza kazi. Git ni programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Kila unapomaliza hatua ya kazi unaihifadhi, au kama wenyewe wanavyosema, unakomiti. Komiti moja ni picha kamili ya mafaili yote yalivyokuwa wakati huo, pamoja na jina la aliyehifadhi, tarehe, ujumbe mfupi, na kiungo cha komiti iliyotangulia. Ni kama daftari la mhasibu makini: akikosea hachani karatasi, anaandika mstari mpya wa masahihisho, na kosa linabaki pale juu kwa yeyote atakayerudi nyuma kulisoma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anaandika mfumo wa duka la vipuri vya magari. Kanzidata yake ni PostgreSQL, na nywila ya kuifikia imo kwenye faili liitwalo `.env`. Siku ya kwanza, kwa haraka, anakomiti mafaili yote pamoja na hilo, kisha anapandisha kazi GitHub. Baada ya siku mbili mwenzake anamwambia, "Kaka, nywila yako inaonekana." Analifuta faili, anakomiti tena kwa ujumbe "Ondoa nywila", anapandisha. Ukifungua ghala sasa huoni `.env` popote. Lakini mtu yeyote aliyenakili ghala hilo anaweza kuuliza hivi:

```
git log --all --oneline -S'Mwamba#Tanga88'
c41d7e0 Ondoa nywila
7be92f3 Unganisha kanzidata
```

Amri hiyo inatafuta komiti ambazo maneno yale yaliingia au yalitoka. Imepata zote mbili: moja iliyoleta nywila na moja iliyoiondoa. Kinachobaki ni kuandika `git show 7be92f3:.env`, na faili linasomeka lote kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Tena ile komiti ya pili, kwa ujumbe wake wa wazi, imemwelekeza msomaji mahali pa kuchimba. Anayetafuta siri za watu hana haja ya kupekua kila kitu; anatafuta komiti zenye maneno kama "ondoa", "nywila" na ndugu zao wa Kiingereza.

Hapa ndipo watu wanapojifunza habari ya kuandika historia upya. Chombo kinachopendekezwa siku hizi ni `git filter-repo`, kazi ya Elijah Newren, ambacho kimechukua nafasi ya `git filter-branch` ya zamani, iliyokuwa ya polepole na yenye mitego mingi. Unaandika faili dogo linaloeleza nini kibadilishwe kuwa nini, na unaliweka nje ya ghala lenyewe, la sivyo unaweza kuikomiti nywila kwa mara nyingine kupitia faili la kuifutia. Mstari mmoja unatosha:

```
Mwamba#Tanga88==>ILIONDOLEWA
```

Kisha, ndani ya nakala mpya ya ghala, kwa toleo la 2.47 au la baadaye:

```
git filter-repo --sensitive-data-removal --replace-text ../badili.txt
git push --force --mirror origin
```

Amri ya kwanza inapita komiti moja baada ya nyingine kuanzia mwanzo na kuweka neno "ILIONDOLEWA" kila ilipokuwa nywila. Amri ya pili inailazimisha GitHub ipokee historia mpya badala ya ile ya zamani. Inachosafisha ni yaliyomo ndani ya mafaili tu. Kama nywila ilitajwa kwenye ujumbe wa komiti, unahitaji pia `--replace-message`. Na kama mahali pengine iliandikwa kwa mfumo wa base64, kama inavyokuwa kwenye mafaili ya siri ya Kubernetes, chombo hakitaitambua, kwa sababu kinatafuta herufi zilezile ulizoandika. Base64 ni namna tu ya kuandika na wala haifichi kitu. Mtu huigeuza kwa amri moja.

Gharama ya kazi hii inatokana na jinsi komiti zinavyoungana. Kila komiti ina kitambulisho cha tarakimu na herufi 40, ambacho hukokotolewa kutokana na kila kilichomo ndani yake, pamoja na kitambulisho cha komiti iliyoitangulia. Ukigusa herufi moja kwenye komiti ya siku ya kwanza, kitambulisho chake kinabadilika, kwa hiyo cha pili yake kinabadilika, na cha tatu, hadi ya leo. Saini za kidijitali zilizowekwa kwenye komiti hizo zinapotea. Marejeo yote ya "angalia komiti fulani" kwenye nyaraka na mazungumzo ya timu yanaelekeza kusikokuwepo. Na wenzako wote wanashika mikononi historia ambayo haiungani tena na ile iliyoko GitHub.

Hao wenzako ndio mlango ambao uchafu hurudi nao. Mmoja alikuwa likizo, hakusikia kwamba historia imeandikwa upya. Anarudi, Git inamwambia kwamba historia zake na za seva zimeachana, naye kwa mazoea anaziunganisha na kupandisha. Ndani ya dakika moja komiti zote za zamani zimerudi zikiwa na nywila yake ndani. Dawa ni kila mmoja kufuta nakala yake na kuchukua mpya, au, ikiwa ana kazi ambayo hajaipandisha, kuihamishia kwa uangalifu juu ya historia mpya bila kuunganisha. Katika timu ya watu wanne hilo ni jambo la mchana mmoja. Katika timu ya watu mia, sijui nani atasimamia.

Tuseme yote yamefanyika vizuri. Ile amri ya `git log --all -S` inarudi mikono mitupu. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, ilhali jibu hilo linahusu nakala moja tu, ile iliyoko kwenye kompyuta yako. Halisemi chochote kuhusu nakala nyingine.

Kwenye GitHub penyewe, kila ombi la kuunganisha mabadiliko huacha kiungo chake kinachoshikilia komiti za zamani, na viungo hivyo huwezi kuvifuta wala kuvibadilisha wewe mwenyewe. Ukipandisha kwa nguvu utaona vinakataa. Inabidi uwaandikie watoa huduma wa GitHub wavikate na wasafishe kurasa zilizohifadhiwa. Halafu kuna nakala ambazo watu wengine wamejitengenezea ndani ya GitHub, zile ziitwazo foki. Foki ni ya mwenyewe. Usafi wako hauifikii. Mwezi Julai 2024 kampuni ya usalama ya Truffle Security ilionyesha jambo linalokera zaidi: kwa kuwa GitHub huhifadhi ghala na foki zake zote kama familia moja, komiti ya foki iliyokwisha kufutwa inaweza kuendelea kufunguka kupitia ghala la ndugu yake, mradi tu mtu anajua kitambulisho chake. Wala hahitaji kukijua chote; tarakimu za mwanzo zinaweza kutosha, hata nne tu, na nne ni kitu cha kubahatisha kwa mashine.

Na bado hatujatoka nje ya GitHub. Kuna mradi uitwao GH Archive ambao tangu 2011 umekuwa ukirekodi matukio yote ya wazi yanayotokea humo, yakiwemo ya kupandisha komiti pamoja na vitambulisho vyake. Kuna seva inayojenga programu yako, ambayo ilinakili ghala usiku ule. Kuna kompyuta ya mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka jana. Kuna nakala za akiba za kampuni.

Na zaidi ya yote, kuna roboti. Matukio ya GitHub yanatangazwa kwa wazi, na wapo wanaoyasikiliza mchana na usiku wakitafuta kitu chenye umbo la ufunguo. Mwaka 2019 watafiti wa North Carolina State University, Michael Meli, Matthew McNiece na Bradley Reaves, walichapisha utafiti ambamo wao wenyewe walifuatilia siri zinazovuja huko kwa takriban miezi 6. Walikuta zaidi ya maghala 100,000 yameathirika, na siri mpya zikiongezeka kwa maelfu kila siku. Lakini takwimu yao ninayoikumbuka zaidi ni ya muda: kutoka faili kupandishwa hadi wao kuliona, wastani wa kati ulikuwa sekunde 20. Hao ni watafiti wa chuo kikuu wanaotumia milango ile ile iliyo wazi kwa kila mtu. Kijana wetu wa duka la vipuri aliambiwa na mwenzake baada ya siku mbili.

Hiyo ndiyo hesabu inayoamua nini kitangulie. Kusafisha historia kunategemea watu usiowajua wafute vitu usivyoviona. Kubadilisha nywila kunategemea seva moja iliyo mkononi mwako, na kukikamilika, nakala zote zilizotawanyika duniani zinabaki zimebeba maneno yasiyofungua kitu.

Kampuni ya Toyota ilijifunza ratiba hii kwa uchungu. Mwezi Desemba 2017 mkandarasi wake alipandisha GitHub sehemu ya msimbo wa T-Connect, huduma inayounganisha magari na simu za wenye magari, na akaliacha ghala hilo wazi. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa seva ya data. Hakuna aliyegundua hadi Septemba 15, 2022, karibu miaka mitano baadaye. Siku hiyo ghala lilifungwa kwa umma, na Septemba 17 ufunguo ukabadilishwa. Anwani za barua pepe za wateja 296,019 zilikuwa zimekaa hatarini. Toyota walipochunguza kumbukumbu za seva hawakuweza kuthibitisha kwamba mtu wa nje aliingia, wala hawakuweza kukanusha. Nawaonea huruma kwa hiyo miaka mitano, maana huwezi kurekebisha usichokijua. Zile siku mbili za mwisho ndizo ningeziuliza: ghala lilifungwa siku ya 15, ila ufunguo wenyewe uliendelea kukubalika hadi ya 17.

Wapo watakaosema ghala lao ni la faragha, hivyo hayo hayawahusu. Uber walikuwa na ghala la faragha mwaka 2016. Wavamizi waliingia humo kwa kutumia nywila za wahandisi zilizokuwa zimetumika pia kwenye tovuti nyingine, wakakuta ufunguo wa hifadhi yao ya Amazon ndani ya msimbo, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57. Ghala la faragha linapunguza idadi ya macho, lakini halibadilishi kilichoandikwa ndani.

Sasa kubadilisha kwenyewe. Wengi huona ni jambo la sekunde mbili, ndiyo maana huharibika. Turudi kwenye duka la vipuri. Mtumiaji wa kanzidata anaitwa `duka_app`. Ukiandika amri ya kumpa nywila mpya hapo hapo, tovuti itakatika mpaka uwekwe mpangilio mpya, na ripoti ya usiku itakufa kimyakimya kwa sababu nayo ilikuwa ikitumia nywila ileile na hakuna aliyekumbuka. Njia tulivu zaidi ni kuunda mtumiaji wa pili mwenye haki zilezile, kuhamia kwake, ndipo kumfungia wa kwanza:

```
CREATE ROLE duka_app2 LOGIN IN ROLE duka_app;
\password duka_app2
```

Hiyo amri ya pili, inayoandikwa ndani ya `psql`, inakuuliza nywila na kuipeleka ikiwa imekwisha kusimbwa. Ukiandika nywila waziwazi ndani ya `ALTER ROLE`, inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za seva au kwenye historia ya amri zako, na hapo umevujisha mpya wakati unaikimbia ya zamani.

Tovuti inahamishiwa kwa `duka_app2`, inawashwa upya, inafanya kazi. Sasa wa zamani anafungwa:

```
ALTER ROLE duka_app NOLOGIN;
SELECT pg_terminate_backend(pid)
FROM pg_stat_activity
WHERE usename = 'duka_app';
```

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. PostgreSQL hukagua nywila mtu anapoingia tu. Aliyekwisha kuingia haulizwi tena, hata ubadilishe nywila mara kumi. Muunganisho wake unaendelea mpaka yeye mwenyewe aondoke au umkate. Kama mvamizi alikuwa ndani saa ile unabadilisha, bila kumkata umemfungia nyuma yako mlemle chumbani.

Baada ya hapo jaribu mwenyewe kuingia kwa jina na nywila ya zamani, kutoka nje, kama angefanya mgeni. Ukikataliwa, ndipo useme imebadilika. Kisha soma kumbukumbu za seva kwa siku kadhaa. Kwenye seva inayodai nywila, anayejaribu kwa nywila ya uongo huandikiwa kwamba nywila imekataliwa. Lakini anayekuja na ile nywila halisi ya zamani anavuka ukaguzi huo na kukwama hatua inayofuata, kwa maneno haya:

```
FATAL:  role "duka_app" is not permitted to log in
```

Kwa hiyo kila mstari wa namna hiyo ni wa mtu au programu inayoijua nywila iliyovuja. Ukitokea saa 8 usiku kila siku kutoka kwenye seva yako mwenyewe, hiyo ni ripoti iliyosahaulika, ihamishe. Ukitoka anwani usiyoijua, umepata jibu la swali ambalo Toyota hawakulipata: nywila ilichukuliwa. Hapo kazi inageuka kuwa uchunguzi wa kumbukumbu za nyuma, kuanzia dakika ya ile komiti ya kwanza, kuona kama aliwahi kuingia, na alisoma nini. Angalia pia kama aliacha mlango wake mwenyewe, yaani mtumiaji mpya usiyemtambua, kwa maana nywila mpya haimwondoi huyo.

Utulivu huu wa kuhama kwanza na kufunga baadaye unafaa kwa ghala la faragha lenye watu wachache. Kama nywila imeonekana hadharani na kanzidata inafikika kutoka mtandaoni, mimi nisingesubiri. Ningefunga kwanza, duka likatike nusu saa, wateja walalamike.

Funguo za watoa huduma wakubwa zina nafuu kidogo. Amazon humruhusu kila mtumiaji kuwa na funguo 2 kwa wakati mmoja, makusudi ili uweze kuunda mpya, kuhamia, kuuzima wa zamani bila kuufuta, na kuufuta kabisa ukishaona hakuna kilichoharibika. Funguo za namna hiyo pia zina umbo linalotambulika: wa Amazon wa kudumu huanza na `AKIA`, na tokeni ya GitHub ya mtu binafsi ya aina ya kawaida huanza na `ghp_`. Kwa sababu hiyo, tokeni ya GitHub ikionekana kwenye ghala la wazi, GitHub huibatilisha wenyewe bila kukungoja. `Mwamba#Tanga88` haina umbo lolote. Ni vigumu zaidi kwa mtambo kuitambua na kukuamsha usiku. Roboti la mwizi, hata hivyo, litaliona neno `PASSWORD=` lililo mbele yake.

Siyo kila kosa linadai haya yote. Kama umekomiti nywila lakini hujapandisha popote, haijatoka kwenye kompyuta yako. Ondoa faili kwa `git rm --cached .env`, liandike jina lake kwenye `.gitignore`, rekebisha komiti ya mwisho kwa `git commit --amend`, na uendelee na shughuli zako. Angalizo ni kwamba `.gitignore` peke yake haitoshi kwa faili ambalo Git imekwisha kulifuatilia. Utaliongeza kwenye orodha na Git itaendelea kulikomiti kana kwamba hujasema kitu.

Na baada ya nywila kubadilishwa, je, bado kuna haja ya kusafisha historia? Mara nyingi, kwa nywila ya kawaida, jibu langu ni hapana. Iliyobaki humo ni kamba ya herufi isiyofungua kitu, na kuiondoa kutagharimu timu nzima siku ya usumbufu. Kuna mashirika yatakayokulazimisha kwa sababu mkaguzi wao anataka kuona ghala safi, au kwa sababu kila ukaguzi wa mitambo unapiga kengele kwa nywila iliyokufa na kuwazoesha watu kupuuza kengele. Hizo ni sababu za haki. Ila hazina haraka.

Hesabu inapinduka pale kilichovuja kinapokuwa kitu kisichobadilishika. Tuseme kijana yule, ili ajaribu mfumo wake, alikomiti pia nakala ya kanzidata yenye majina ya wateja, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa. Mteja hawezi kupewa namba mpya ya kitambulisho kwa sababu ya faili la majaribio. Hapa kusafisha kunakuwa ndiyo kazi yenyewe, na inafanywa yote: `filter-repo` kwa kuliondoa faili zima, barua kwa GitHub, kuwasaka wenye foki mmoja mmoja na kuwaomba, kuzifuta nakala za seva ya kujengea. Hata hivyo itabaki kazi ya kupunguza madhara, kwani zile sekunde 20 zilishapita. Kwa hiyo watu wenyewe wanapaswa kuambiwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya 2019, inampa mwenye mfumo saa 72 tangu alipojua kuhusu uvujaji wenye hatari halisi kwa wahusika ili amjulishe Kamishna wa Data, na hata akisafisha ghala lake kwa ustadi wote, saa hizo hazisimami.